Jinsi ya kuongea na watahiniwa asubuhi ya Hisabati fomu foo, dakika saba tu

Hii naifanya kila Novemba huku Rungwe, mvua za Tukuyu zimeshaanza na watoto wengine wanafika wamelowa, kwa hiyo hatua ya kwanza ni uji. Pepa ya kwanza inaanza saa 2 kamili, mimi nataka saa 1 kasoro wawe wamekunywa, wamekauka, wameshaenda chooni. Mtoto anayetetemeka kwa baridi atadhani ni woga, mwishowe ataogopa kweli.

Hatua ya 2, saa 1 na nusu waite karibu, usisimame mbali kama paredi ya Jumatatu. Wakishasema shikamoo mkuu, itikia, halafu wavute pumzi kwa hesabu ya nne, watoe kwa sita, mara tano. Usitaje divisheni wala matokeo ya mwaka jana, nilishawahi kutaja na nikaona nyuso zinabadilika palepale.

Hatua ya 3 ni uaminifu, na hapa usitishe, eleza. Mimi nasema hivi: "Wanangu, usiku huenda mmeona pepa inazunguka wotsapu. Mwenye kikaratasi mfukoni akitoe sasa hivi, mimi nageuka, kapu lipo hapo, sitauliza cha nani. Ukikamatwa nacho ndani yanafutwa matokeo yako yote, siyo Hisabati peke yake." Halafu kweli geuka, na timiza ahadi. Ukichungulia mara moja tu, mwaka unaofuata kapu litabaki tupu na vikaratasi vitaingia ndani.

Hatua ya 4 ndiyo itumie muda mwingi, yaani muda wenyewe. Usiseme "tumieni muda vizuri" ukaishia hapo, wape hesabu ubaoni. Masaa matatu ni dakika 180. Toa 10 za kusoma pepa yote, toa 20 za kukagua, zinabaki 150 kwa maksi 100, kwa hiyo kila maksi ni dakika moja na nusu. Sekisheni A maswali 10 ya maksi 6, kila moja dakika 9, jumla 90. Sekisheni B maswali 4 ya maksi 10, kila moja dakika 15, jumla 60.

Kuna binti alikuwa mzuri darasani, akakwama swali la kwanza karibu dakika 40, sekisheni B akafanya maswali mawili tu. Huyo ndiye nawaambia habari zake, bila jina: dakika 9 zikiisha acha nafasi, ruka, utarudi kwenye zile 20. Na waandike walipofikia, maana njia sahihi nayo ina maksi hata kama jibu la mwisho halijatoka.

Wakishaelewa waulize, "Saa 3 na dakika 40 uwe wapi?" Jibu: umemaliza sekisheni A, unaanza B. Wakijibu wote kwa pamoja, waruhusu waende kukaguliwa mlangoni, usiongeze neno.