Jinsi ya Kusafisha Picha Uliyoikata Kabla ya Kuiambatisha kwenye Maombi

Tuseme fomu ya maombi mtandaoni inataka picha ya uso. Unachukua picha uliyopigwa sebuleni ukiwa na mtoto pembeni, unaikata ubaki peke yako, unahifadhi. Machoni mtoto ametoka. Ndani ya faili huenda bado yumo.

Kamera nyingi, zikiandika faili la JPEG, huweka ndani yake kijipicha kidogo, mara nyingi pikseli 160 kwa 120, ili orodha ya picha ifunguke haraka. Programu nzuri ya kuhariri hukitengeneza upya ukishakata. Nyingine hukiacha kilivyokuwa. Kwa udogo huo maandishi ya karatasi iliyo mezani hayasomeki, lakini mtu anaweza kutambulika. Pamoja nacho kuna tarehe na saa, aina ya simu, jina la programu uliyotumia, na kama kamera iliruhusiwa kujua mahali, latitudo na longitudo za nyumba.

Anza na nakala. Picha ya asili usiiguse. Kwenye kompyuta yenye ExifTool, programu ya kusoma na kufuta taarifa zilizo ndani ya faili la picha, kagua kwanza kilichomo, kisha kitoe kijipicha ukione kwa macho:

```
exiftool -a -G1 -s uso.jpg
exiftool -b -ThumbnailImage uso.jpg > kijipicha.jpg
```

Ukifungua kijipicha.jpg na kumkuta mtoto yuko palepale, hicho ndicho ulichokuwa unakaribia kutuma ndani ya uso.jpg. Faili la kijipicha.jpg likitoka tupu, hakuna kijipicha cha aina hiyo, ila mengine yanaweza kuwepo.

Sasa futa:

```
exiftool -all= -tagsfromfile @ -Orientation uso.jpg
```

Kipande cha mwisho kinarudisha mwelekeo wa picha. Bila hicho, picha iliyopigwa simu ikiwa wima inaweza kulala ubavu, na karani akakurudishia maombi kwa sababu hiyo tu.

Angalia folda: ExifTool imeacha faili jingine, uso.jpg_original, lenye kila kitu ulichofuta. Ukibana folda nzima na kuituma, umefanya kazi bure.

Rudia amri ya kwanza. Usishtuke ukiona ukubwa wa faili, upana na urefu. Hayo yanasomwa kwenye faili na picha yenyewe. Usichotaka kukiona ni GPS, jina la simu na ThumbnailImage.

Kufuta kila kitu hakufai kila mara. Picha ya uharibifu unayoambatisha kwenye madai ya bima inaweza kuhitaji tarehe iliyopigwa. Hapo futa kwa kuchagua:

```
exiftool -gps:all= -xmp:all= -ThumbnailImage= uharibifu.jpg
```

Na kama ofisi inataka faili la asili, lipeleke kwao peke yao, si kwenye kundi la ujumbe. Amri hizi hazigusi kinachoonekana kwenye picha: namba ya gari iliyoakisiwa kwenye kioo itabaki mpaka uikate mwenyewe.