Kizunguzungu cha sikio na cha presha havifanani
Jamani mtu akisema ana kizunguzungu muulize kwanza, nyumba inazunguka au macho yanaingia giza? Mama mdogo hapa Dodoma kameza vidonge vya kuongeza damu miezi miwili bila nafuu, kumbe akijigeuza kitandani upande wa kulia tu dari inazunguka kama nusu dakika afu inatulia, hilo ni sikio la ndani, maana presha haishuki kwa kujigeuza ukiwa umelala. Ya presha inakuja ukisimama, ukikaa inapoa, so upimwe umelala dakika 5 kisha umesimama dakika ya 1 na ya 3, namba ya juu ikishuka 20 au zaidi ndo yenyewe. Upungufu wa damu nao unachosha na moyo unaenda mbio hata kwa kazi ndogo, pima wingi wa damu kabla ya vidonge.