Uwiano wa Rayleigh hatua kwa hatua: kukadiria thamani aigeni bila kutatua mlinganyo mrefu

Ukiwa na matriksi linganifu A na vekta yoyote v isiyo sifuri, uwiano wa Rayleigh ni huu:

```
R(v) = (vᵀ A v) / (vᵀ v)
```

Namba hii inafanya kazi mbili. Inakadiria thamani aigeni, yaani λ katika Av = λv, hata kama v ni ya kukisia tu. Pia inajibu swali linalorudi mara kwa mara kwenye mitihani: fomu ya kwadratiki vᵀAv inafika juu kiasi gani na chini kiasi gani, vekta zikiwa na urefu wa 1?

Mfano wetu ni vitu vitatu vyenye masi 1 kila kimoja, vimepangwa kwenye mstari kati ya kuta mbili na kuungwa kwa springi nne zenye ukakamavu wa 1. Lord Rayleigh, mwanafizikia Mwingereza wa karne ya 19, aliitumia njia hii kwa mitikisiko ya aina hiyo. Hapa λ ni mraba wa frikwensi ya pembe ya mtikisiko.

Hatua ya 1: Andika matriksi, kisha hakikisha ni linganifu

Kama x, y na z ni umbali ambao kila kitu kimesogea kutoka mahali pake, fomu ya springi zetu ni 2x² + 2y² + 2z² − 2xy − 2yz. Namba za mbele ya miraba zinakaa kwenye ulalo. Namba ya mbele ya xy inagawanywa kwa mbili: nusu inakwenda safu mlalo ya 1, safu wima ya 2, na nusu nyingine upande wa pili wa ulalo. Ndiyo maana −2xy inatoa −1 mara mbili:

```
 2  -1   0
-1   2  -1
 0  -1   2
```

Hapa ndipo watu wanapopoteza muda mwingi, kwa sababu ukikosea hupati onyo lolote. Chukua fomu x² + 10xy + y². Mtu anaiweka 10 yote upande mmoja na kupata B = [[1, 10], [0, 1]]. Kwa kuhesabu vᵀBv hajakosea hata kidogo, fomu inatoka ileile. Lakini thamani aigeni za B ni 1 na 1, kwa hiyo atadai kwamba fomu haivuki 1 kwenye vekta za urefu wa 1. Jaribu v = (1, 1): juu unapata 12, chini 2, uwiano ni 6. Dai limeanguka. Matriksi sahihi ni [[1, 5], [5, 1]], na thamani aigeni zake ni 6 na −4, ambazo ndizo kilele na kina cha kweli.

Kwa hiyo matriksi isiyo linganifu ibadilishe kwanza kuwa (B + Bᵀ)/2. Fomu haibadiliki, thamani aigeni ndizo zinazobadilika, na hizo mpya ndizo unazozitaka.

Kwenye kompyuta mtego ni mbaya zaidi. Napendelea `np.linalg.eigh` kuliko `np.linalg.eig` kwa kazi hii, kwa kuwa inarudisha namba halisi zilizopangwa kutoka ndogo hadi kubwa. Ila `eigh` haikagui ulinganifu. Kwa kawaida inasoma pembetatu ya chini ya matriksi tu na kudhani ya juu inafanana nayo. Ukiipa B, inaona sifuri chini ya ulalo, inaisahau ile 10 kabisa, na kukurudishia 1 na 1 bila kulalamika. Weka mstari huu kabla ya kuiita:

```python
assert np.allclose(A, A.T)
```

Hatua ya 2: Kisia v na uhesabu

Katika mtikisiko wa polepole zaidi vitu vyote vinasogea upande mmoja, na cha katikati kinakwenda mbali zaidi. Kisia (2, 3, 2). Av ni (1, 2, 1), vᵀAv ni 2 + 6 + 2 = 10, na vᵀv ni 17. Uwiano ni 10/17, yaani 0.5882. Jibu kamili ni 2 − √2, karibu 0.5858.

Angalia ukubwa wa makosa. Vekta ya kweli ni (1, √2, 1). Sisi tuliweka 1.5 mahali pa 1.414, kosa la asilimia 6 hivi. Kosa la λ ni asilimia 0.4 tu. Sababu ni kwamba v yoyote inaweza kuandikwa kama mchanganyiko wa vekta aigeni za A, ambazo zinakutana kwa pembe mraba. Ukishafanya hivyo, R(v) inageuka kuwa wastani wa thamani aigeni, kila moja ikipewa uzito kwa mraba wa sehemu yake ndani ya v. Sehemu potofu ikiwa ndogo, mraba wake ni mdogo zaidi.

Hatua ya 3: Pima baki

```python
import numpy as np
A = np.array([[2., -1, 0], [-1, 2, -1], [0, -1, 2]])
v = np.array([2., 3, 2])
r = v @ A @ v / (v @ v)
e = np.linalg.norm(A @ v - r*v) / np.linalg.norm(v)
print(r, e)
```

Baki ni Av − rv, na e ni urefu wake ukigawanywa kwa urefu wa v. Unapata r karibu 0.588 na e karibu 0.083. Kwa matriksi linganifu ni hakika kwamba kuna thamani aigeni kati ya r − e na r + e. Lakini haikuambii ni ipi, ya kwanza au ya tatu.

Hatua ya 4: Kilele na kina

Kwa kuwa R ni wastani, haiwezi kushuka chini ya λ ndogo kabisa wala kupanda juu ya λ kubwa kabisa. Inazigusa pale v inapokuwa vekta aigeni husika. Kwa hiyo makisio ya λ ndogo daima yanatoka juu yake au sawa nayo, na ya λ kubwa yanatoka chini yake au sawa nayo. Ukijaribu v kadhaa kutafuta kina, chukua jibu dogo kuliko yote. Usitafute wastani wao.

Kwa kilele kisia (2, −3, 2), majirani wakivutana. Av ni (7, −10, 7), uwiano ni 58/17 = 3.412, na jibu kamili ni 2 + √2, karibu 3.414.

Sharti likiwa urefu wa 2 badala ya 1, kilele cha fomu kinazidishwa kwa 4, si kwa 2.

Hatua ya 5: Masi zikitofautiana

Kitu cha katikati kikiwa na masi 2, usiiguse A. Badilisha sehemu ya chini iwe vᵀMv, M ikiwa na 1, 2, 1 kwenye ulalo. Kwa (2, 3, 2) chini unapata 4 + 18 + 4 = 26, uwiano 10/26 = 0.3846. Jibu kamili ni 0.3820, na kisio bado limetoka juu yake. Kwenye kompyuta ni `scipy.linalg.eigh(A, M)`. Wengine huhesabu M⁻¹A kisha kuipa `eigh`. Matriksi hiyo si linganifu tena, na unarudi kwenye mtego wa hatua ya 1.