Kurudufu kasi ya sampuli kwa kichujio cha nusu-bendi

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwenzangu ambaye sauti aliyoipandisha kutoka sampuli 44,100 hadi 88,200 kwa sekunde ilitoka na meno kama ya msumeno, ingawa kichujio chenyewe kilikuwa sahihi.

Hatua ya 1: Fahamu sifuri zinatoka wapi

Kichujio cha nusu-bendi hupitisha masafa ya chini na kuzuia ya juu, na mpaka wake uko katika robo ya kasi mpya ya sampuli. Sharti lake ni kwamba mwitikio katika masafa fulani ukijumlishwa na mwitikio katika masafa yaliyo umbali uleule upande wa pili wa mpaka, jumla iwe 1 daima. Kuusogeza mwitikio kwa nusu ya kasi ya sampuli ni sawa na kubadili alama ya kila kizigeu cha nafasi witiri, ukihesabu kuanzia katikati. Kwa hiyo, h[n] ikiwa kizigeu cha nafasi n kutoka katikati, sharti hilo huwa hivi:

```
h[n] + (-1)^n h[n] = 1 kwa n = 0, na 0 kwingineko
```

Kwa n shufwa, upande wa kushoto ni 2h[n]. Basi kizigeu cha katikati ni lazima kiwe 1/2, na vizigeu vingine vyote vya nafasi shufwa ni sifuri kamili. Mfano mfupi ni huu: [-1, 0, 9, 16, 9, 0, -1]/32.

Hatua ya 2: Tengeneza kichujio

Urefu uwe vizigeu 4K − 1, K ikiwa namba nzima unayoichagua. Ukichagua 4K + 1, vizigeu vya mwishoni vitakuwa sifuri nawe utakuwa umeongeza ucheleweshaji bure. Sipendi kumwachia `remez` atengeneze kichujio kizima, kwa sababu pale panapotakiwa sifuri huweza kuacha mabaki madogo sana. Napendelea mbinu waliyoichapisha Vaidyanathan na Nguyen mwaka 1987: tengeneza kwanza kichujio g chenye vizigeu 2K, kisha vitawanye na uweke 0.5 katikati. Katika msimbo nafasi huhesabiwa kuanzia mwanzo wa kichujio, si katikati, hivyo nafasi witiri za Hatua ya 1 huwa shufwa.

```python
import numpy as np
from scipy.signal import remez
K = 16
fp = 20000 / 88200
g = remez(2*K, [0, 2*fp], [1], fs=1)
h = np.zeros(4*K - 1)
h[::2] = g / 2
h[2*K - 1] = 0.5
```

Hatua ya 3: Gawa kazi katika matawi mawili

Kurudufu kasi ni kuingiza sifuri moja baada ya kila sampuli, kuchuja, na kuzidisha kwa 2 ili ukubwa wa ishara usipungue nusu. Kwa kuwa nusu ya sampuli zinazochujwa ni sifuri, kila tokeo hugusa ama vizigeu vya g peke yake, ama kile cha katikati peke yake, ambacho baada ya kuzidishwa kwa 2 ni 1. Tawi la pili, basi, halifanyi hesabu yoyote. Hunakili sampuli ya zamani ilivyo.

Hatua ya 4: Linganisha matawi

Hapa ndipo saa nyingi hupotelea, kwa hiyo nenda polepole. Sampuli zinazoingia ni x, na matokeo ni y.

```
y[2n]   = jumla ya g[i] x[n-i], i = 0 ... 2K-1
y[2n+1] = x[n-K+1]
```

Tokeo la kwanza liko katikati ya x[n−K] na x[n−K+1]. Sampuli inayonakiliwa baada yake ni lazima iwe ile iliyo mbele, si iliyo nyuma. Jaribu kwa K = 2 na g = [-1, 9, 9, -1]/16, ukiingiza 0, 1, 4, 9, 16, 25. Kati ya 1 na 4 utapata (−0 + 9 + 36 − 9)/16 = 2.25, ambayo ni mraba wa 1.5 hasa, kwa kuwa kichujio hiki hakikosei kwa polinomia yoyote hadi ya daraja la tatu. Matawi yakilingana, utaona 2.25, 4, 6.25, 9, 12.25, 16. Ukinakili x[n−K] badala yake, utaona 2.25, 1, 6.25, 4, 12.25, 9, yaani msumeno uleule. Usijaribu kwa ishara isiyobadilika, kwani hapo sampuli zote zinafanana na kosa halionekani kabisa; na kwa wimbi la masafa ya chini sana, meno huwa madogo kiasi cha kutoonekana kwenye grafu. Mfuatano wa miraba hukufichulia kosa papo hapo.

Hatua ya 5: Angalia mpaka

Katika robo ya kasi mpya, hapa herzi 22,050, mwitikio ni nusu daima, yaani desibeli 6 chini, hata urefushe kichujio namna gani. Kuingiza sifuri huzalisha nakala za ishara juu ya mpaka huo, na ishara yenye nguvu karibu na hapo itaacha nakala zake upande wa pili. Ikiishia herzi 20,000, nakala zake huanzia 24,100, na ndipo hasa kizuizi cha kichujio chetu kinapoanzia. Ukirudufu tena hadi 176,400, tengeneza kichujio kingine kwa fp = 20000/176400; nafasi kati ya ishara na nakala zake itakuwa pana zaidi, na K ndogo sana itatosha.