Jinsi ya kuandika mkataba wa kupanga chumba kwenye nyumba ya wapangaji wengi, Mwanza

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Mwanza. Kesi za wapangaji na wenye nyumba zinazofika mezani kwangu karibu zote zinaanza na karatasi moja ileile: fomu ya steshenari, imeandikwa jina la mwenye nyumba, jina la mpangaji, kiasi cha pesa, miezi sita, sahihi mbili. Kila walichogombania baadaye hakimo.

Nitatumia kesi moja. Mwalimu alipanga chumba na sebule Nyegezi kwa 120,000 kwa mwezi, akalipa miezi sita, yaani 720,000. Nyumba ina wapangaji watatu, mita moja ya LUKU, bomba moja uwani, na nyuma yake kuna mlima wa mawe. Masika yalipofika, maji ya mlimani yakaingia sebuleni. Akampigia mwenye nyumba, mama mtu mzima, naye akamjibu, "Tengeneza tu mwanangu, tutaelewana." Mwalimu akaita fundi, ukachimbwa mfereji, ukuta ukapigwa plasta, jumla 185,000. Siku ya kulipa miezi mingine sita akapeleka 535,000. Mama akataka 720,000 kamili. Kila mmoja aliona ameibiwa, na hakuna aliyekuwa mwongo.

Tuuandike upya mkataba wao.

Hatua ya 1: Nani anapangisha, na nini hasa kinapangishwa

Andika majina matatu ya kila upande, namba ya NIDA na namba ya simu. Kisha muulize anayepangisha nyumba ni ya nani. Hapa kwetu nyumba nyingi ni za urithi. Unapangishwa na kaka mtu, miezi miwili baadaye dada yao anatoka Geita na kukuambia hakutambui. Kama ni ya urithi, anayesaini awe msimamizi wa mirathi, na barua yake ya mahakama uione kwa macho yako. Kama anasaini kwa niaba ya mwenye nyumba aliye mbali, awe na maandishi ya kumruhusu.

Kwenye maelezo ya chumba usiishie "chumba na sebule". Andika: "chumba na sebule, mlango wa kwanza kulia ukiingia getini, pamoja na haki ya kutumia choo cha nje, bomba na kamba za kuanikia uwani, na sehemu ya kulaza pikipiki moja." Pikipiki inaonekana jambo dogo mpaka usiku wa kwanza utakapoambiwa uwanja si wako.

Hatua ya 2: Kodi na tarehe

Hapa pita haraka lakini usiruke kitu. Tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, kodi ya mwezi kwa tarakimu na kwa maneno, inalipwa kwa awamu ya miezi mingapi, kwa namba gani ya simu au akaunti. Nashauri mkataba uwe wa mwaka mmoja hata kama malipo ni ya miezi sita sita, na iandikwe: "Kodi ya pango haitapanda ndani ya mwaka huu. Baada ya hapo, mwenye nyumba atatoa taarifa ya maandishi miezi miwili kabla." Kama kuna pesa ya tahadhari, iandike peke yake, mbali na kodi, na useme itarudishwa lini na itakatwa kwa sababu zipi. Ikichanganywa na kodi, siku ya kuondoka haionekani tena.

Hatua ya 3: LUKU

Hapa ndipo majirani wanapoacha kusalimiana, kwa hiyo tukae kidogo.

Mita ikiwa moja kwa wapangaji watatu, mnakuta mambo mawili ambayo mtu anayeishi peke yake hakutani nayo. La kwanza ni bei. Mteja mdogo wa TANESCO, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hununua uniti kwa 100, ambayo tozo zikiongezwa inakuwa kama 122. Wapangaji watatu wakichangia mita moja wanavuka uniti 75 bila hata kuwa na friji, mita inahesabiwa kwenye bei ya kawaida ya 292, ambayo ikifika mkononi ni kama 356. Kwa hiyo mtu akikuambia "kwangu nilikokuwa elfu tano ilikuwa inamaliza mwezi", anasema kweli, na hapa haitamaliza.

La pili ni kodi ya jengo. Tangu Julai 2021 inakatwa kwenye LUKU, na kwa nyumba ya kawaida isiyo ghorofa ilipanda kuwa 1,500 kwa mwezi kuanzia Julai 2023. Inakatwa unaponunua umeme. Kodi hii ni deni la mwenye nyumba, siyo la aliyebonyeza simu kununua umeme. (Kiswahili kimetuponza hapa: pango tunaliita kodi na ya serikali nayo kodi. Kwenye mkataba andika "kodi ya pango" na "kodi ya jengo", usiandike "kodi" peke yake.)

Dawa ni sabumita, yaani mita ndogo ya ndani, kwa kila mpangaji, na kifungu kinachosema jinsi ya kugawana. Tuseme mwezi mmoja zimenunuliwa LUKU za 60,000 na umeme wote umetumika. Toa 1,500 ya kodi ya jengo, zinabaki 58,500, ambazo zinaleta kama uniti 164. Sabumita tatu zinasoma 70, 52 na 30, jumla 152. Uniti 12 hazina mwenyewe: ni taa za nje na pampu ya kupandisha maji kwenye tanki. Zigawe kwa watatu, kila mmoja anaongezewa 4. Mwalimu aliyesoma 52 analipia 56, ambazo kwa 356 ni 19,936. Ile 1,500 inakatwa kwenye kodi ya pango, kwa hiyo kila baada ya miezi sita mwenye nyumba anarudisha 9,000 kwa aliyekuwa akinunua.

Kifungu chake: "Sabumita zitasomwa tarehe 1 ya kila mwezi mbele ya wapangaji wote. Kila mmoja atalipia uniti zake kwa bei iliyo kwenye risiti za mwezi huo. Uniti za matumizi ya pamoja zitagawanywa sawa. Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba." Usiandike 356 ndani ya mkataba, bei hubadilika na risiti hujieleza. Andika pia namba inayosomeka kwenye sabumita siku unayoingia.

Ikiwa sehemu ya pamoja inakula uniti 40 na siyo 12, msigawane kwanza. Kuna mtu ameunganisha waya kabla ya sabumita, au pampu inajiwasha usiku kucha kwa sababu boya la tanki limekufa. Zimeni sabumita zote jioni, muangalie kama mita kubwa bado inahesabu.

Maji ni rahisi zaidi. Omba kuona ankara ya mwisho ya MWAUWASA kabla ya kusaini, maana deni la mpangaji aliyehama hubaki kwenye mita na bomba likikatwa linakatwa kwa wote. Gawaneni kwa idadi ya watu, siyo kwa vyumba. Mwenye chumba kimoja na watoto watano hatalipa sawa na mwalimu mseja.

Hatua ya 4: Matengenezo

Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema kitu ambacho watu wengi hawakijui: ukipangisha sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu za pamoja ni kazi ya mwenye nyumba. Mfereji wa mwalimu ulikuwa wa yule mama tangu mwanzo. Kilichowagombanisha ni kiasi, maana hakuna aliyekubali 185,000 kabla fundi hajaanza.

Kwa hiyo andika kiwango. Mfano: "Kitasa, balbu, koki na kioo alichovunja mpangaji ni vyake. Paa, kuta, mifereji na mfumo wa umeme ni vya mwenye nyumba. Mwenye nyumba akiarifiwa kwa ujumbe wa simu na asipotengeneza ndani ya siku 7, mpangaji anaweza kutengeneza kwa gharama isiyozidi 60,000 na kuikata kwenye kodi ya pango kwa kuonyesha risiti. Zaidi ya hapo ni kwa makubaliano ya maandishi." Ujumbe wa simu unatosha kuwa maandishi. "Tutaelewana" ya mdomoni haitoshi.

Nyumba za milimani, Mabatini, Igogo, Isamilo na kwingineko, ziangalie mvua ikinyesha kama unaweza. Kama huwezi, tafuta mstari wa tope ukutani, karibu na sakafu, upande wa mlima. Ukiuona, mfereji uchimbwe kabla hujalipa.

Hatua ya 5: Kuondoka

Mkataba usiotaja muda sheria inauhesabu kwa kipindi unacholipia kodi, na notisi hufuata kipindi hicho. Ni bora mjiandikie wenyewe: notisi ya miezi miwili kwa kila upande, kwa maandishi.

Kisha fanya hesabu mapema. Mwalimu amelipa Machi hadi Agosti. Mama anataka chumba tarehe 31 Mei kwa ajili ya mwanawe. Inabaki Juni, Julai na Agosti, yaani 360,000. Iandikwe kwamba pesa hiyo inarudishwa kabla ya ufunguo kurudishwa. Iandikwe pia mpangaji akivunja yeye, anarudishiwa nini. Wengi huweka kwamba anapoteza mwezi mmoja.

Kufunga mlango kwa kufuli jingine au kung'oa bati si njia ya kumtoa mpangaji, hata akidaiwa. Mgogoro unaanzia Baraza la Kata, ambalo siku hizi linasuluhisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Hatua ya 6: Kusaini

Nakala mbili, kila ukurasa usainiwe, shahidi mmoja kila upande. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri kwa sababu hahami. Piga picha za kuta, dari, choo na sabumita siku hiyo na mtumiane kwa simu.

Halafu ushuru wa stempu wa TRA, asilimia 1 ya kodi ya pango ya mwaka. Kwa mwalimu ni asilimia 1 ya 1,440,000, yaani 14,400. Mkataba usio na stempu haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipiwe. Andikeni nani analipa.

Mama na mwalimu niliwakalisha meza moja. Risiti za fundi zilikuwepo, mama akazikubali 150,000, mwalimu akaongeza pesa iliyobaki, wakasaini mkataba huu. Tangu hapo mama anasoma sabumita mwenyewe, tarehe 1, na miwani yake.