Somo: Kwa nini boriti ya kimo kirefu na nyembamba hulala ubavu, na kwa nini tunashikiza flenji inayobanwa

Boriti nyingi za chuma zisizoshikizwa zikishindwa hazikatiki katikati. Zinaanza kushuka vizuri tu kama mahesabu yalivyosema, kisha ghafla zinakwenda upande na kujisokota, hali chuma chenyewe pengine hakijafika hata nusu ya nguvu yake. Flenji ni yale mabamba mawili ya mlalo, la juu na la chini, yaliyounganishwa na bamba la kati lililosimama. Tutachukua boriti moja tuipime bila kushikizwa, kisha tuishikize mahali pamoja tuone kinachobadilika.

Hatua ya 1: Ione kwa mikono yako

Chukua rula ya plastiki ya sentimita 30. Isimamishe kwa ukingo wake mwembamba, shika ncha zote mbili kwa nguvu, kisha uipinde kwa viganja ili ukingo wa chini uvutike na wa juu ubanwe. Mwanzoni inakataa kabisa. Ongeza nguvu taratibu: ukingo wa juu utachomoka kwenda upande mmoja, na rula nzima italala huku ikijisokota. Angalia vizuri ukingo wa chini. Nao unasogea, lakini kidogo. Tofauti hiyo kati ya juu na chini ndiyo itakayotuambia mahali pa kuweka kizuizi.

Hatua ya 2: Ielewe flenji ya juu kama nguzo iliyolazwa

Boriti iliyokaa juu ya egemeo mbili ikibebeshwa mzigo, flenji ya juu inabanwa na ya chini inavutwa. Kitu chembamba kinachobanwa kwa urefu hutafuta njia ya kukwepa kwa kujipinda, kama nguzo yoyote. Flenji haiwezi kukwepa kwenda juu wala chini, kwa sababu bamba la kati limeishika. Njia iliyobaki ni ya pembeni.

Flenji ya chini haina haja ya kukwepa. Inavutwa, na kinachovutwa hunyooka. Kwa hiyo ya juu inakimbilia pembeni, ya chini inabaki nyuma, na kwa kuwa bamba la kati limeziunganisha, boriti yote inalazimika kusokotwa. Ndiyo maana hapa kupinda kwa ubavu na kusokota havitenganishwi: kimoja hakitokei bila kingine.

Hatua ya 3: Tafuta momenti ya kulala ubavu

Tuchukue IPE 300, boriti ya umbo la I yenye kimo cha milimita 300, ya chuma cha S275, yaani chenye nguvu ya 275 N/mm², egemeo mbili, umbali wa mita 6. Kwenye egemeo boriti imezuiwa isijisokote, ila flenji ziko huru kugeuka kwa usawa. Momenti, yaani msukumo wa kupinda, iwe sawa urefu wote, maana hiyo ndiyo hali ngumu kuliko ya mzigo uliotandazwa unaokaa katikati ya kimo, na hesabu yake ni safi.

Kwenye jedwali utakuta ukinzani wa kupinda kwa wima ni 8356 cm⁴, na wa kupinda kwa ubavu (I_z) ni 604 cm⁴ tu. Yaani upande huo ni dhaifu karibu mara 14. I_t, inayohusu kusokota, ni 20.1 cm⁴, na I_w, inayohusu flenji mbili kupindana kinyume wakati wa kusokota, ni karibu 126000 cm⁶. Fomula ni hii, L ikiwa umbali kati ya egemeo na M_cr ikiwa momenti ya kulala ubavu:

```
N_z  = pi^2 * E * I_z / L^2
M_cr = N_z * sqrt( I_w/I_z + G*I_t/N_z )
```

Kwa E, ugumu wa chuma kikivutwa au kubanwa, ya 210000 N/mm² na G, ugumu wake kikisokotwa, ya 81000 N/mm², N_z inakuwa karibu 348 kN. Hiyo ndiyo nguvu ambayo ingeipinda boriti nzima kwa ubavu kama ingekuwa nguzo. Ndani ya kipeuo, sehemu ya kwanza ni 20860 mm² na ya pili ni 46820 mm². Kipeuo cha jumla yake ni milimita 260, kwa hiyo M_cr ni karibu 90 kNm.

Sasa linganisha. Chuma chenyewe, kama boriti isingelala, kingebeba moduli ya plastiki ya jedwalini, 628 cm³, mara 275 N/mm², yaani 173 kNm. Boriti yetu inalala ikiwa karibu nusu ya hapo. Na hiyo 90 ni ya boriti iliyonyooka kikamilifu, ambayo haipo duniani. Ukiingiza upindo wa kiwandani na mikazo iliyobaki ndani ya chuma kwa mkunjo *a* wa Eurocode 3, kanuni za Ulaya za ujenzi wa chuma, unabaki na takriban 74 kNm.

Kabla hatujaendelea, tazama jambo hili ambalo mimi hulipenda sana. Ukiiacha sehemu ya kwanza peke yake ndani ya kipeuo, unapata 50 kNm. Ni jibu lile lile utakalopata ukiichukua flenji moja, ukaihesabu kama nguzo ya mita 6 kwa fomula ya Euler, kisha ukazidisha na umbali kati ya flenji mbili. Kwa hiyo picha ya nguzo iliyolazwa ni hesabu halisi, na kinachoinua 50 kufika 90 ni ukinzani wa kusokota.

Hatua ya 4: Tafuta boriti inazunguka wapi

Ile milimita 260 ya kwenye kipeuo ina kazi nyingine. Boriti inapolala, kila kipande chake huzunguka nukta iliyo milimita 260 chini ya katikati ya kimo chake. Flenji ya chini iko milimita 145 tu chini ya katikati, kwa hiyo nukta hiyo iko nje ya boriti kabisa, chini yake.

Pima umbali kutoka kwenye nukta. Flenji ya juu iko 260 + 145, yaani 405. Ya chini iko 260 − 145, yaani 115. Kwa hiyo flenji inayobanwa husogea mara tatu na nusu zaidi ya ile inayovutwa. Kizuizi hufanya kazi kwa kukataza mwendo, na mwendo mwingi uko juu. Ukifunga flenji ya chini, umezuia mahali palipokuwa pakisogea kidogo, na boriti bado inaweza kulala kwa kuzunguka pale ulipoifunga.

Hatua ya 5: Shikiza flenji ya juu katikati

Weka kizuizi kimoja kwenye mita 3. Sasa mawimbi ya kulala ni mawili ya mita 3 kila moja, moja kwenda kushoto na jingine kulia. L inakuwa 3, na kwa kuwa iko kwenye kipeo cha pili, N_z inaruka mara nne hadi 1391 kN. M_cr inakuwa 251 kNm. Haikupanda mara nne, kwa sababu mchango wa kusokota haukui kwa kasi hiyo.

Kwa mkunjo ule ule wa Eurocode 3, boriti sasa inabeba karibu 134 kNm badala ya 74. Chuma ni kile kile. Ukiongeza kizuizi cha pili, kila mita 2, unafika karibu 155. Kizuizi cha kwanza kilileta 60, cha pili 21. Boriti ikishakaribia nguvu ya chuma chenyewe, vizuizi zaidi havina cha kuongeza.

Hatua ya 6: Hakikisha kizuizi kinashika kweli

Kizuizi hakihitaji kuwa kinene. Kwa momenti ya 130 kNm, flenji inabanwa kwa karibu 450 kN (130 gawanya kwa umbali kati ya flenji mbili, 0.289 m). Kanuni iliyozoeleka ni kuchukua asilimia 2.5 ya nguvu hiyo, yaani karibu 11 kN. Chuma cha pembe chepesi kinatosha.

Makosa huja mwisho wa pili wa kile chuma. Boriti tano zinazoenda sambamba zikiunganishwa zenyewe kwa zenyewe tu, hakuna iliyoshikizwa: zote tano zinaweza kulala upande mmoja kwa pamoja, na viunganishi vikasafiri nazo. Lazima mstari huo uishie kwenye kitu kisichosogea, kama ukuta uliopangiwa kazi hiyo au mishikizo ya mshazari kati ya boriti mbili. Kagua pia ugumu, si nguvu tu. Boliti iliyolegea kwenye tundu refu inaweza kuhimili 11 kN, lakini itaruhusu flenji isogee kwanza, na kusogea ndiko tunakokataza.

Ukiwa kazini, funga uzi kutoka ncha hadi ncha juu ya flenji inayobanwa, na uweke timazi kwenye bamba la kati pale katikati. Flenji ikiacha uzi zaidi kadiri mzigo unavyoongezeka, usiendelee kupakia.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, shikamoo. Kwangu dari iko chini na ni rahisi kufunga flenji ya chini. Haifai kabisa?

Marahaba. Kufunga flenji ya chini peke yake usikuhesabu. Lakini ukiweka kipande kigumu kinachozuia boriti nzima isijisokote, mathalani boriti ndogo ya kukingama iliyofungwa kwenye bamba la kati kwa kimo kinachotosha, hapo umezuia msokoto wenyewe, na boriti haiwezi kulala bila kusokota.

Nikimwaga zege juu ya boriti, si flenji ya juu imeshikwa tayari?

Ikishakauka, na ikiwa imeungana na flenji, ndiyo. Hatari iko siku ya kumwaga. Zege bichi ni mzigo kamili na halishiki chochote. Siku hiyo boriti inategemea vizuizi vya muda, kwa hiyo hesabu ya hatua ya 3 ifanye kwa hali hiyo pia.

Mzigo ukiwekwa juu ya flenji au ukaning'inizwa chini, kuna tofauti?

Kubwa, ndugu. Kwa boriti yetu ya mita 6 isiyoshikizwa, yenye mzigo uliotandazwa, M_cr ni karibu 102 kNm mzigo ukikaa katikati ya kimo. Ukikaa juu inashuka hadi 79, kwa sababu boriti ikianza kulala mzigo unakwenda nayo na kuongeza msokoto. Ukining'inia chini inapanda hadi 132, maana mzigo unairudisha.

Na boriti iliyoshikwa upande mmoja tu, ikatokeza nje? Pale flenji ya chini ndiyo inayobanwa. Nishikize ya chini?

Swali zuri sana, maana hapa kanuni yetu inageuka. Kwenye boriti ya namna hiyo yenye ncha huru, flenji ya juu ndiyo inayosogea zaidi ikilala, ingawa inavutwa. Kwa hiyo kizuizi cha pembeni kwenye ncha kiwekwe juu, au bora zaidi uzuie msokoto wa ncha yote. Usianze kwa kuuliza ipi inabanwa. Uliza ipi inasogea zaidi. Kwenye boriti ya egemeo mbili majibu hayo mawili huangukia flenji moja.

Paa langu ni jepesi, flenji ya juu imeshikwa na papi za paa kila mita moja na nusu. Nimemaliza?

Kwa mzigo wa kushuka, ndiyo. Upepo ukilinyanyua paa, momenti inageuka na flenji ya chini ndiyo inayobanwa, nayo ni ndefu na huru. Weka vyuma vya mshazari kutoka kwenye papi hadi flenji ya chini sehemu chache za katikati, kisha urudie hesabu kwa umbali kati ya vyuma hivyo.