Skiti ya POV: mfanye mtazamaji awe mfanyakazi mpya

Skiti yangu ya kwanza ya aina hii niliandika juu ya video "POV: Siku yako ya kwanza kazini", nikaweka simu pembeni, nikarekodi nikiigiza bosi anayemfokea mtu. Mtu wa kwanza kuandika chini yake aliuliza: "Kwani unaongea na nani?" Alikuwa na haki. Kwenye POV kamera haimtazami mhusika, kamera ndiyo mhusika. Lenzi ni macho ya mtazamaji, na kila aliyemo kwenye video anaongea naye yeye. Ukiandika "POV: mimi nikiwa kazini" halafu tukakuona wewe ukihangaika, hicho ni kichekesho cha kawaida kilichobandikwa jina tu.

Nitaeleza nilivyotengeneza moja ya sekunde 50 kwenye duka la steshenari la shemeji yangu, lile la kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti. Wahusika ni watatu: bosi, Side ambaye ni mfanyakazi wa siku nyingi, na wewe mgeni. Bosi na Side niliigiza mwenyewe. Wewe huonekani wala husikiki.

Hatua ya 1: Andika maneno ya mtazamaji, kisha yafute

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo tukae kidogo. Mtazamaji haongei, lakini lazima ahisi ameongea. Ukimwacha bosi aongee peke yake mwanzo hadi mwisho, unapata hotuba. Ninachofanya ni kuandika mazungumzo kamili kwanza, pamoja na majibu ya mgeni:

Bosi: Wewe ndiye mgeni wetu?
Wewe: Ndiyo. Shikamoo.
Bosi: Marahaba. Umeshawahi kutoa kopi?
Wewe: Hapana.
Bosi: Basi anza na kufagia.

Halafu nafuta mistari yote ya "Wewe" na kurekebisha ya bosi mpaka ile iliyofutwa ijulikane bila kutajwa. Wengi hapa hukimbilia kurudia: "Nini? Unasema hujawahi kutoa kopi?" Hakuna mtu anayeongea hivyo, na mtazamaji anaona kabisa kwamba anasimuliwa alichosema. Yangu ilibaki hivi:

Bosi (anainua macho kutoka kwenye daftari): Marahaba. (Kimya.) Hata kopi? (Kimya.) Hata ya kitambulisho? (Anavua miwani.) Ufagio uko nyuma ya mlango.

Angalia kazi ya hilo neno "marahaba". Neno moja limeshasema kwamba umeingia, umeamkia, wewe ni mdogo na yeye ni mkubwa. Huhitaji maelezo mengine yoyote, maana hakuna Mswahili asiyejua neno gani limetangulia. Kuna njia ya pili ambayo kwangu ilichekesha zaidi: bosi anainua macho, anakutazama sekunde mbili nzima bila neno, kisha anasema, "Kwenu mnaamkiana kwa macho?" Sasa mtazamaji ana kosa lake kabla hata hajakaa. Hiyo ndiyo niliyoichagua.

Jambo jingine ni namna ya kumwita. Ukisema "kaka" umewapoteza dada wote wanaotazama, na ukisema "dada" vilevile. Kiswahili kimetupa "mdogo wangu", "mgeni" na "wewe", ambayo humkaa yeyote. Kwenye skiti hii nilimfanya bosi akuite Riziki, jina la mfanyakazi aliyeacha kazi. Side anakunong'oneza kwamba Riziki alidumu siku tatu. Nilichagua Riziki kwa sababu ni jina la mwanamke na la mwanaume pia, na kwa sababu bosi asiyejali kujua jina lako anaeleweka mara moja.

Mwisho wa skiti unakwenda hivi. Side anakuinamia: "Mdogo wangu, akikuuliza karatasi zimeisha lini, sema hujui." Bosi anaita kutoka mezani: "Riziki! Karatasi zimeisha lini?" Unageuka kumtazama Side, ametoa macho. Unageuka kwa bosi. Kimya. Bosi anafunga daftari: "Hujui. Umefundishwa na Side." Mtazamaji hakusema chochote, lakini ameshadanganya na ameshakamatwa.

Hatua ya 2: Pima urefu wa macho yake

Kabla ya kuweka simu, amua mtazamaji amesimama au amekaa. Aliyesimama nampa lenzi kwenye sentimita 155 hivi kutoka sakafuni. Aliyekaa kwenye kiti nampa 115. Mimi nilimkalisha, bosi akabaki amesimama, na tofauti hiyo peke yake ilimfanya bosi aonekane mkali kabla hajafungua mdomo. Ukishachagua, usibadilishe katikati. Stendi ikishuka hata kidogo kati ya kipande na kipande, mtazamaji anahisi amerefuka au amefupika ghafla, ingawa hawezi kusema kimetokea nini.

Simu iwe wima, na utumie kamera ya nyuma kwenye 1x. Ile 0.5x inavuta pua na paji la uso, na jicho la mtu halioni hivyo. Muigizaji asimame karibu mita moja kutoka kwenye lenzi, umbali ambao watu wawili wanaongea dukani.

Bonyeza uso wa muigizaji kwenye skrini na ushikilie mpaka simu ifunge fokasi na mwanga. Kwenye iPhone yanatokea maandishi AE/AF LOCK. Usipofanya hivyo, mkono ukipita mbele simu inahangaika, picha inafifia na kung'aa, na mtazamaji anakumbuka kwamba anatazama simu.

Hatua ya 3: Ongea na tundu, si na skrini

Kamera ya mbele ina mtego. Uso wako uko pale kwenye skrini na macho yanaufuata. Kwa mtazamaji inaonekana bosi anamtazama kidevu. Ndiyo maana natumia ya nyuma, ambako sijioni. Nilikata karatasi ndogo ya rangi nikaibandika kando ya lenzi, nikaongea na hiyo. Simu zetu nyingi zina lenzi mbili au tatu, kwa hiyo kwanza ziba moja moja kwa kidole ujue ni ipi inayorekodi.

Lakini usiikazie macho muda wote. Mtu anapoongea na mgeni hutazama kazi yake, hutazama mlangoni, kisha humrudia. Bosi wangu alikuwa anaandika kwenye daftari, akawa anainua macho kwenye lenzi pale tu anapotaka jibu. Kila macho yanapokuja, mtazamaji anajua zamu ni yake.

Na zamu hiyo iachie nafasi. Wakati wa kurekodi, mimi hutamka jibu la mgeni kichwani, neno kwa neno, ndipo naendelea. "Hata kopi?" Kichwani: hapana, sijawahi. "Hata ya kitambulisho?" Ukiacha kimya bila kutamka, uso unakuwa mtupu, kama mtu aliyesahau maneno. Ukitamka, uso unasikiliza. Baadaye kwenye kuhariri unaweza kupunguza kimya hicho kidogo, lakini usikifute chote.

Hatua ya 4: Mgeuze kichwa

Hapa ndipo mtu mmoja anapoweza kuwa wawili. Side alikaa kushoto kwenye mashine ya kopi, bosi kulia kwenye meza ya droo. Nilirekodi vipande vyote vya bosi kwanza, nikiwa na barakashia na miwani, kisha vyote vya Side nikiwa na fulana na kalamu sikioni. Nilianza saa mbili asubuhi na kufuatisha haraka, kwa sababu jua linaloingia mlangoni huwa limeshahama kufika saa nne, na vipande viwili vinavyofuatana kwenye skiti vinaonekana kama siku mbili tofauti.

Mwisho wa kipande cha bosi, mtu aliyeshika stendi anaizungusha haraka kwenda kushoto. Kipande cha Side kinaanza na simu ikizunguka upande huohuo, kutoka kulia, mpaka imfikie. Kwenye CapCut unakata pale ambapo picha zote mbili ni ukungu wa mwendo. Mkato unapotea na inaonekana umegeuza shingo. Ukizungusha kipande cha kwanza kushoto na cha pili kulia, inaonekana kama umepigwa kofi. Mwendo nao ulingane. Kimoja kikiwa cha taratibu, mkato unaonekana.

Bosi anapoita jina la Riziki akiwa nje ya picha, usirekodi sauti hiyo ukiwa karibu na maiki. Nenda pale alipo bosi, uite kutoka huko. Masikio ya mtazamaji yako kwenye simu. Sauti ya karibu kutoka kwa mtu asiyeonekana inakuwa kama sauti ya msimulizi. Feni izime. Mlio wa mashine ya kopi niliurekodi peke yake baadaye nikauweka chini ya maneno.

Hatua ya 5: Maandishi

"POV: Siku yako ya kwanza kazini" inakaa sekunde tatu za mwanzo, juu ya kichwa cha muigizaji. Chini na upande wa kulia wa TikTok kuna vitufe na maelezo, yatafunika. Andika "yako", si "yangu".

Hatua ya 6: Jaribu kwa mtu mmoja

Kabla ya kuipandisha, mwonyeshe mtu asiyejua chochote, umuulize swali moja tu: wewe ulikuwa nani humo? Akisema "niliona bosi na mfanyakazi", rudi hatua ya kwanza. Mimi nilimpa mpwa wangu wa miaka tisa. Bosi alipoinua macho na kunyamaza, mtoto alitamka "shikamoo" kwa sauti ya chini, kisha akanitazama kwa aibu. Pale sikugusa tena.

Ila kuna sehemu Side anampa mgeni ufunguo wa stoo, na hapo mtoto hakuonyesha dalili yoyote. Niliporudia kuitazama nikaona sababu: mkono wangu ulipita kushoto kwa lenzi, kana kwamba nampa mtu aliyekaa pembeni. Ulitakiwa uje moja kwa moja chini ya lenzi, simu nayo iiname kidogo kuufuata. Niliirekodi upya kesho yake saa mbili asubuhi, kabla shemeji hajafungua duka.